Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: udongo mbichi unazamisha meli, na sisi tumo ndani

Mheshimiwa Mkurugenzi unayesimamia ajira za mabaharia wetu,

Salaam. Nimekuandikia mara tatu kwa njia ya ofisi na kila mara nimeambiwa nisubiri. Leo naandika mbele ya watu wote, kwa heshima ileile, kwa sababu mwezi uliopita nimerudishwa nyumbani kabla mkataba haujaisha. Kosa langu ni kwamba nilishika kopo na kuligonga kwenye sitaha.

Mimi ni serahangi, miaka kumi na tisa baharini. Tulikuwa nangani Ufilipino tukipakia udongo wa nikeli kutoka kwenye matishari. Cheti cha mwenye mzigo kilisema unyevu ni asilimia 31.8, na kikomo cha kusafirishia ni 32.4. Kikomo hicho hupatikana maabara: hutafutwa kiwango cha unyevu ambacho udongo huanza kutiririka, kisha huchukuliwa asilimia 90 yake. Kwa udongo wetu kiwango hicho kilikuwa 36, ndiyo maana kikomo kikawa 32.4. Kwenye karatasi tulikuwa salama, ila kwa nafasi ndogo mno.

Lakini baada ya sampuli kuchukuliwa, mvua ilinyesha usiku mbili mfululizo, na matishari hayakuwa na turubai. Kanuni za kimataifa za shehena kichele hazina utata hapa: unyevu upimwe ndani ya siku saba kabla ya kupakia, na mvua kubwa ikinyesha baada ya hapo, upimwe tena. Haukupimwa. Halafu sampuli yenyewe, nilivyosikia, ilichotwa juujuu ya lundo, pale jua lilipopiga. Chini ya lundo hakuna aliyechimba.

Nikachukua kopo, nikalijaza udongo nusu, nikaliinua kama shubiri moja na kulipiga kwenye chuma mara 25, taratibu, pigo moja kila sekunde moja au mbili. Kufika pigo la kumi na kitu, uso wa udongo ukaanza kung'aa. Kufika la mwisho, maji yalikuwa yamesimama juu na udongo unatikisika kama uji mzito. Nikampelekea afisa mkuu, naye akampelekea nahodha. Nahodha akasimamisha kreni. Na nieleze ukweli wote: kopo lisipotoa maji si ushahidi kwamba mzigo ni salama, maana maabara bado inaweza kuukataa. Ila likitoa maji, huna cha kubishana.

Mheshimiwa, aliyekulia pwani anaelewa jambo hili. Simama kwenye mchanga mbichi maji yakiwa yamekupwa, pigapiga mguu, utaona maji yanapanda na mchanga unalegea. Ngamani, tumboni mwa meli mzigo unapokaa, ni hivyohivyo. Mtetemo wa injini na mawimbi hushindilia udongo, nafasi kati ya chembe hupungua, maji hukosa pa kwenda na kuzisukuma chembe ziachane. Mzigo uliopakiwa ukiwa mgumu, mtu akitembea juu yake, unageuka tope. Meli ikilala kushoto tope linafuata, na ikiinuka halirudi lote. Wimbi linalofuata linailaza zaidi. Kutoka hapo hadi kupinduka, mara nyingi hakuna muda wa kushusha boti.

Kati ya Oktoba na Desemba 2010 meli tatu, Jian Fu Star, Nasco Diamond na Hong Wei, zilizama zikiwa na udongo wa nikeli kutoka Indonesia. Walikufa mabaharia 44. Desemba 2011 Vinalines Queen ya Vietnam ikapotea na shehena hiyohiyo. Kati ya watu 23 aliokolewa mmoja. Kila nikiwa zamu usiku huwa namfikiria huyo mmoja.

Sisi tulisubiri siku nne, matishari yakarudishwa. Bandari iliyofuata nikapewa tiketi. Wakala aliyeniajiri aliniambia nimemtia hasara mteja wake. Sasa nina ada ya watoto wawili, na jina langu limekaa kwenye orodha ya wasumbufu.

Mwaka juzi, kwenye kikao na mabaharia, ulisimama ukatuahidi kifungu katika mikataba: baharia anayeripoti shehena yenye unyevu uliozidi asifukuzwe wala asinyimwe kazi inayofuata. Nilikuwa safu ya pili na niliandika tarehe. Mikataba ya mawakala hupita mezani kwako kabla hatujaisaini, kwa hiyo hili halihitaji Bunge wala ruhusa ya nchi nyingine.

Siombi fidia, wala kazi yangu. Naomba kifungu kile. Kuna vijana wawili wa mtaani kwangu wanaosaini wiki ijayo kwenda kwenye meli za udongo. Naomba kiwemo kabla hawajasaini.

Wako mtiifu,
Serahangi, Tanga