YAH: SEVISI CHAJI YA ROBO HII ISIYO NA MCHANGANUO

Kwa Meneja wa Jengo,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima ingawa heshima yenyewe nyie mliimaliza siku ile mlipofunga geti langu. Mkataba mnao, kifungu cha sevisi chaji mnakijua kuliko mimi maana mlikiandika nyie, kwa hiyo sitapoteza muda kuwaelezea. Kinasema tunachangia gharama halisi kwa mita za mraba na mwisho wa kila mwaka mpangaji anapewa hesabu. Hesabu ya mwaka jana hatujaiona mpaka leo, na sasa imekuja invoisi yenye mstari mmoja tu: "Sevisi chaji, robo mwaka, 315,000". Chini yake VAT asilimia 18, yaani 56,700, jumla 371,700. Basi. Hakuna mlinzi, hakuna usafi, hakuna maji, hakuna dizeli, ni jumla tu kama bei ya shamba.

Robo iliyopita nililipa 180,000 kwa fremu hiihii ya mita 30. Ni 6,000 kwa mita, na kwa jengo zima la mita 700 mlizoandika wenyewe kwenye kiambatanisho cha mkataba inakuwa milioni nne na laki mbili kwa robo. Sasa mnataka 10,500 kwa mita. Nikajiuliza nini kimepanda hivyo, mlinzi ni yuleyule, dada wa usafi yuleyule na ndoo yake ileile iliyotoboka. Jioni nikachukua kalukuleta nikagawa milioni nne na laki mbili kwa mita 400 badala ya 700. Jibu ni 10,500 kamili, haizidi hata shilingi!

Na mita 400 ndo sisi tuliobaki, kwa sababu ghorofa mbili za juu zenye mita 300 ziko tupu tangu ile ofisi ya mikopo ihame. Kwa hiyo gharama haijapanda hata senti, mmechukua mzigo wa vyumba vitupu mkatugawia sisi tulio ndani. Vyumba vitupu ni hasara ya mwenye jengo, vikipata mpangaji kodi anakula yeye peke yake, hatujawahi kuitwa kugawana. Kama nimekosea hesabu nionyesheni karatasi, na kama hamna karatasi basi sijakosea.

Sasa siku ile. Sijaisahau na sitaki nyie muisahau. Nilikuwa na mteja wa kutoka Ukerewe, mzee wa watu, kaja kuchukua taa za sola za kuvulia dagaa, hela ameshaitoa anahesabu juu ya kaunta maana alikuwa anawahi meli ya Nansio. Kijana wenu akaingia na kufuli mkononi bila hodi. Nikamwambia kaka subiri nimalize na mzee, halafu naomba mchanganuo wa hii invoisi. Akaichukua invoisi akaitupa juu ya hela za yule mzee akasema "mchanganuo ndo huo hapo, jumla". Akaanza kuvuta geti. Kodi ya fremu nilikuwa nimeshalipa, hilo hamuwezi kubisha, risiti ya benki mnayo.

Halafu kuna hiyo VAT. Ukitoza VAT unatakiwa uwe umesajiliwa, invoisi iwe na VRN na mteja apewe risiti ya EFD. Invoisi yenu haina VRN, na hata ile 180,000 ya robo iliyopita mlinipa kirisiti cha kitabu cha dukani kimegongwa muhuri. Hiyo 56,700 inaenda wapi? Mimi nikiuza taa bila risiti napigwa faini, nyie mnakusanya kodi ya serikali kwa kalamu ya bluu. Na kwenye kikao cha mwaka jana mlisema ndani ya sevisi chaji mmeweka kodi ya majengo, wakati ile tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na LUKU tunanunua sisi! Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, tukikatwa sisi ilitakiwa mturudishie, siyo mtutoze tena mara ya pili.

Dizeli ndo kabisa. Jenereta lile pale nyuma lina saa inayohesabu masaa liliyowaka, mtu yeyote anaweza kwenda kuisoma. Andikeni namba ya mwanzo wa robo na ya mwisho, toeni, zidisheni kwa lita linazokula kwa saa, weka bei ya dizeli, umemaliza. Hata mtoto wa sekondari anafanya. Nilipomuuliza mlinzi daftari la jenereta liko wapi akaniambia hajawahi kuliona. Sasa mnajuaje limekula lita ngapi?

Narudia siku ile kwa sababu kwenye ujumbe wenu wa wasapu mliandika eti "kulitokea kutoelewana kidogo". Hakukuwa na kutoelewana kidogo. Kijana wenu alivuta geti mzee wa Ukerewe akiwa bado ndani, mzee wa makamo ya baba yake, ikabidi ainame apite chini ya geti na hela mkononi kama mwizi. Na kijana akapaza sauti korido nzima ikasikia, "huyu mama hajalipa, nunueni kwingine". Na wewe meneja ulikuwepo! Ulisimama pale kwenye ngazi na simu sikioni, tulitazamana, ukacheka ukapanda juu. Mkataba unasema notisi ya maandishi ya siku 14 kabla ya hatua yoyote, notisi yenu ilikuwa kufuli. Yule mzee taa alinunua duka la pili na tangu siku hiyo hajarudi kwangu.

Kwa hiyo naomba, mchanganuo wa robo hii na hesabu ya mwaka jana, kila kitu mstari wake na risiti zake, pamoja na mita zilizotumika kugawia. Mpaka niupate nitalipa 180,000 ileile ya zamani na si zaidi, na nataka maandishi kwamba mmeipokea. VAT silipi bila EFD.

Na wakati naandika nimeona hiyo haitoshi. Nataka pia ile kodi ya majengo ya mwaka jana irudi, na barua ya kuniomba radhi yenye saini yako wewe, siyo ya kijana, ibandikwe pale kwenye ngazi uliposimama ukicheka. Wapangaji wa chini wote wameshaona hesabu yangu ya 400 na 700, na mwenzangu wa fremu ya vipuri ameshasema naye robo hii hatoi ya juu.

Nawapa siku 14, zilezile za mkataba ambazo mimi hamkunipa. Zikiisha kimya, invoisi yenu pamoja na kirisiti cha kitabu vinaenda TRA, na la kufuli naenda nalo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mashahidi wa korido ninao. Na geti likifungwa tena hata nusu saa sisubiri hizo siku 14, naondoka hapohapo na makaratasi yangu.

Nakala: mwenye jengo (najua hamjamwambia)

Wenu mpangaji,
Fremu namba 4, chini, Mwanza mjini