Mjane asisubiri cheti cha kifo ndipo aandike

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie madai ya bima ya maisha yanayokwama kwa sababu cheti cha kifo kimechelewa. Wajane wengi hukaa kimya mpaka cheti kitoke, kisha kampuni huwahoji kwa nini hawakutoa taarifa mapema. Taarifa na cheti ni vitu viwili, barua itangulie.

Tuseme mume amefia nyumbani huko Chamwino, akazikwa kabla kifo hakijasajiliwa. Sheria inataka kisajiliwe ndani ya siku 30; zikipita, RITA huhitaji uthibitisho zaidi, na hapo ndipo muda unapopotea. Barua ya mjane itaje namba ya bima, jina la marehemu kama lilivyo kwenye hati ya bima, tarehe na mahali alipofia, na sababu ya cheti kuchelewa, bila kuzunguka: “Alifia nyumbani; maombi ya cheti yapo RITA.” Aambatishe barua ya mtendaji wa kijiji na nakala ya stakabadhi ya maombi, naye abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Majina yakitofautiana, hata kwa herufi moja, kiapo kiandaliwe mapema.

Kampuni nazo zifungue jalada siku hiyohiyo na kumwandikia mjane kinachokosekana, chote kwa mara moja.

Msomaji,
Dodoma