Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji: grafu ya visima vibovu

Ndugu wanachama, mapato na matumizi mtasomewa na mhazini. Mimi naomba tuitazame grafu hii iliyobandikwa ukutani.

Kila nguzo ni mwezi mmoja, na urefu wake ni idadi ya visima vya pampu vilivyokuwa havitoi maji siku ya mwisho ya mwezi. Juni ni 3, Julai 4, Agosti 5, Septemba 6 na Oktoba 6. Nimesikia watu wakijumlisha nguzo hizo wakapata 24, kisha wakauliza pampu 24 zimevunjikaje ilhali tunazo 14 tu. Hazikuvunjika 24. Kisima kilichokufa Juni kikakaa bila kutengenezwa kimehesabiwa tena Julai, na Agosti, hadi Oktoba. Ukifuata majina yaliyoandikwa chini ya nguzo, utakuta ni visima 6 tu, na Oktoba hakikuharibika hata kimoja kipya. Kwa hiyo grafu inapanda kwa sababu ya kuchelewa kutengeneza, si kwa wingi wa kuharibika.

Na vingi havikuwa na ugonjwa mkubwa. Vitatu vilikuwa vimelika mipira ya pistoni tu, kazi ya asubuhi moja. Vingine vitatu vilitoboka mabomba ya ndani, ambayo lazima yang'olewe yote. Vile vyepesi vilisubiri pamoja na vizito ili fundi aitwe mara moja, na wakati huo pampu 8 zilizobaki zilipigwa kuanzia alfajiri hadi usiku. Mipira hulika kwa kadiri mpini unavyopigwa, basi nazo zikazidi kuchoka.

Sasa tazameni Aprili na Mei: kisima 1 tu. Mimi siuamini sana ufupi huo. Wakati wa mvua watu hukinga maji ya bati, na kisima kikifa hakuna anayekuja kusema. Viwili kati ya vile vya Juni vilikutwa vimekufa mvua ilipokatika. Vilikufa lini, hatujui.

Kamati imeamua mipira ya akiba ikae stoo, na kisima chepesi kisisubiri kizito. Wasimamizi nao watapima kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Iacheni pampu nusu saa bila kuguswa, kisha hesabuni mipigo mpaka maji yatoke. Ikizidi mitano, maji yanarudi chini: ama vali ya chini haifungi, ama bomba linavuja. Leteni taarifa hapo hapo, msingoje ikauke kabisa.

Grafu ya mwaka ujao itakuwa na rangi mbili, moja ya visima vilivyoharibika mwezi huo na nyingine ya vilivyorithiwa kutoka mwezi uliopita. Hiyo ya pili mtuulize sisi kamati.