Jingo la Redioni na Salamu ya Simuni: Kwa Nini Tunaanza na Simu

Wateja wengi wanaofika studioni kwetu huagiza kwanza jingo la redio, yaani kile kipande kifupi cha muziki kinachobeba jina la biashara, kisha kazi ikiwa imekwisha kurekodiwa ndipo huomba kipande hichohicho kiwekwe pia kwenye simu ya ofisi. Kwa biashara ambayo wateja wake huisikia redioni na kuipigia simu bila kuwahi kuiona, tunashauri utaratibu huo ugeuzwe: sauti itungwe kwanza kwa ajili ya simu, halafu ipanuliwe kwa ajili ya redio.

Sababu yake ni upana wa njia ambayo sauti hupita. Matangazo ya FM hubeba sauti mpaka kufikia masafa ya hezi 15,000, yaani mitetemo 15,000 kwa sekunde, ilhali simu ya kawaida hupitisha sauti zilizo kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake haifiki simuni kabisa. Nao mchakacho wa kayamba, ambao uko juu sana, hukatwa upande wa pili. Zipo simu zinazopitisha sauti hadi hezi 7,000, lakini hilo hutokea pale tu vifaa vya pande zote mbili na mitandao iliyo katikati inapokubaliana, na hakuna mwenye biashara anayeweza kumchagulia mteja wake simu ya kupigia.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kusafirisha vifurushi iliyotuletea jingo la sekunde 30 lililokuwa likichezwa redioni. Lilianza kwa besi peke yake, kayamba ikaingia, kwaya ikafuata, na jina la kampuni likatamkwa kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, katika sekunde ya 21. Kwenye spika za studio lilikuwa zuri. Tulipolipitisha kwenye simu, mwanzo wote ulikuwa kama laini iliyokatika, kwa kuwa besi ilikuwa imetoweka, na kwaya ilisikika ikitetemeka kana kwamba inaimba chini ya maji. Mtetemo huo hutokana na mfumo wa kubana sauti unaotumika katika simu za mkononi, ambao ulibuniwa kwa kufuata namna mtu mmoja anavyozungumza. Ukipewa sauti nyingi zinazoimba pamoja juu ya ala, hushindwa kuzitenganisha. Jina lenyewe, ambalo huanza kwa herufi F, lilisikika kama linaanza kwa S.

Hilo la mwisho ndilo lililotusumbua zaidi, kwa sababu mteja asiyeijua kampuni huenda akaondoka na jina jingine. Konsonanti f, s na th hutofautishwa na sikio kwa mvumo wa hewa ulio katika masafa ya juu, ambayo simu huyakata, hata neno «faa» likaweza kupokewa kama «saa». Jina la biashara halibadilishwi kwa sababu ya simu, lakini mazingira yake yanaweza kusaidia: litamkwe kwa sauti kamili na si kwa kunong'ona, ala zote zinyamaze linapotamkwa, na lifuatwe na maneno yanayolieleza, kama «wasafirishaji wa vifurushi», ili msikilizaji apate njia ya pili ya kulitambua.

Katika kulitunga jingo upya tulichagua marimba na sauti moja ya kike, tukaiweka tuni katika noti zilizo kati ya hezi 400 na 1,000, ambako simu hupitisha bila kupunguza. Tuni hiyo ina noti nne na huchukua sekunde mbili na nusu. Jambo tunalolisisitiza kwa watunzi wetu ni mkazo: neno la Kiswahili, kwa kawaida, huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi silabi hiyo ndiyo inayopaswa kuangukia pigo lenye nguvu. Pigo likiangukia silabi ya mwisho, jina husikika kama la kigeni, na watu hushindwa kulirudia. Njia rahisi ya kukagua ni kumwimbia mtu mara moja, kisha kumwomba alitamke jina bila kuimba. Besi na kayamba vilirudishwa baadaye katika toleo la redio, vikizunguka tuni ileile.

Salamu ya simu nayo ilihitaji kupunguzwa. Ya awali ilimshukuru mpigaji, ikamweleza historia ya kampuni na kumtakia asubuhi njema hata akipiga jioni, na menyu ilianza baada ya sekunde 19. Tuliyoirekodi badala yake inasema: «Karibu», kisha jina, kisha kazi ya kampuni, na papo hapo menyu. Neno «Karibu» halikuwekwa mwanzoni kwa adabu peke yake. Laini inapofunguka, sehemu ndogo ya sauti ya kwanza mara nyingi hupotea, kwa hiyo jina lisiwe neno la kwanza kabisa. Sisi huacha pia nusu sekunde ya ukimya kabla ya maneno kuanza. Tena, «Karibu» humfaa mpigaji wa umri wowote na saa yoyote, jambo ambalo sauti iliyorekodiwa haiwezi kulikisia. Wapokeaji wa simu nao walipewa mpangilio uleule wa maneno, ili mtu asikie mwanzo ule ule awe amepokelewa na mashine au na binadamu.

Katika menyu, tunataja kwanza shughuli, ndipo namba: «Kufuatilia mzigo wako, bonyeza 2.» Anayepiga huwa anasubiri kusikia shida yake, akitajiwa namba kwanza, hulazimika kuishika akilini kabla ya kujua kama inamhusu, na mara nyingi huwa imeshamponyoka.

Kabla ya kuidhinisha kazi yoyote, usiisikilize kwenye spika kubwa pekee. Mwombe mtu akupigie kwa simu ya mkononi ya bei nafuu, nawe ukiwa mahali penye kelele. Kisha sikiliza toleo la redio kwenye redio ndogo yenye spika moja. Jaribio hili la pili hufichua kasoro ambayo hata mafundi huipitia bila kuiona: sauti iliyotanuliwa sana kwa sterio inaweza, pande mbili zinapounganishwa kuwa moja, kujifuta yenyewe, na mwimbaji akasikika kwa mbali au asisikike kabisa.

Mwisho ni mkataba. Haki za mtunzi na mwimbaji kwa matumizi ya redio hazimaanishi kwamba umeruhusiwa kuucheza muziki huo kwa wanaosubiri kwenye simu, basi matumizi yote mawili yaandikwe kwa majina, pamoja na muda wake. Sisi humkabidhi mteja jingo kamili la redio, tuni fupi peke yake, na salamu za simu zikiwa mono kwa kiwango cha sampuli 8,000 kwa sekunde, ambacho mitambo mingi ya simu hukipokea bila kukibadilisha. Mitambo michache hudai muundo mwingine, kwa hiyo ni vyema fundi wako wa simu atuandikie mahitaji yake kabla hatujaanza kurekodi.