Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Dola 45 Zilizopotea Njiani

Mheshimiwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

YAH: STAKABADHI YA FEDHA ZINAZOINGIA KUTOKA NJE

Mimi ni mfasiri, naishi Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi zangu hutoka kwa wateja ambao sijawahi kuonana nao ana kwa ana. Naomba nianze na ankara moja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Januari 2024 nilimaliza kutafsiri maneno 10,000 kwa kampuni ya Hamburg. Bei yetu ilikuwa senti 4 za dola kwa neno, yaani dola 400. Mteja akalipa Jumatatu kupitia benki yake, kwa SWIFT, mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hutumiana ujumbe wa malipo, kwenda akaunti yangu ya shilingi. Alhamisi simu ikalia, nikapiga hesabu ya shilingi zilizoingia, na hazikufika hata dola 360. Nikamwandikia mteja. Akanijibu, kwa upole lakini nikausikia ubaridi, kwamba yeye ametuma dola 400 kamili, na akaniambatanishia MT103, yaani nakala ya ujumbe wa malipo ambao benki yake ilituma, kuthibitisha. Nikaenda dirishani kwenye benki yangu. Nikaambiwa, "Dada, hela imekuja hivyohivyo kutoka huko."

Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana ilinichukua wiki tatu kuelewa. Benki ya Hamburg na benki yangu hazina akaunti baina yao, kwa hiyo fedha hupita benki za kati, na kila moja huchukua chake. Mteja alikuwa amechagua SHA, yaani yeye analipia upande wake na mimi nalipia kuanzia hapo. Nakala ya mteja huandikwa fedha zikiwa bado hazijaondoka, kwa hiyo haiwezi kuonyesha makato ya njiani. Makato hayo huandikwa kwenye ujumbe unaoifikia benki inayopokea: sehemu ya 33B huonyesha kiasi kilichoagizwa tangu mwanzo, 71F huonyesha kila kiasi kilichokatwa njiani, na 32A huonyesha kilichobaki. Tangu Novemba 2025 benki zimehamia muundo mpya wa ujumbe, pacs.008, ila taarifa hizo bado zimo humo. Karatasi inayojibu swali langu ilikuwa ndani ya benki yangu muda wote. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kunionyesha.

Nilipoipata, kwa kumbembeleza afisa mmoja wa makao makuu, hesabu ilikuwa hivi. Benki mbili za njiani zilikata dola 15 na dola 10. Benki yangu ikakata 10 za kupokea. Zikabaki 365, zikageuzwa shilingi kwa kiwango kilichokuwa chini ya kile cha Benki Kuu cha siku hiyo kwa shilingi 70 kila dola. Hapo zikaondoka shilingi 25,550, zaidi ya dola 10 nyingine, na kipande hiki hakikuandikwa popote kama makato. Jumla ni kama dola 45 katika 400, yaani zaidi ya asilimia 11.

Utaniuliza, Mheshimiwa, kwa nini sitafuti njia nyingine. Nimezitafuta. PayPal, ambayo wateja wengi huitaja kwanza, kwa akaunti ya Tanzania inaruhusu kulipa, si kupokea. Jirani zetu Kenya wanapokea na kutolea kwenye simu, ndiyo maana vijana wetu wengi wana "ndugu" Nairobi anayewapokelea. Nami nilishawishika. Niliacha baada ya mwenzangu mmoja kufungiwa fedha zake siku 180, kwa sababu jina la mwenye akaunti, mahali anapoingilia na kazi inayolipwa havikuoana. Kwa mujibu wa masharti aliyoyakubali mwenyewe, hakuwa na pa kulalamika.

Programu za kutuma fedha moja kwa moja kwenye simu ni nzuri sana kwa dada aliye London anayemtumia mama hela ya dawa. Lakini nyingi zimewekwa kwa matumizi binafsi, na kampuni ya Hamburg haiwezi kuzitumia kulipa ankara na kupata stakabadhi ya wahasibu wake.

Inabaki Payoneer, huduma ya mtandaoni ya kupokea malipo kutoka nje, na hii naitumia. Wanakupa namba ya akaunti ya Ulaya, mteja analipa euro kana kwamba analipa jirani yake, kisha unahamishia benki yako hapa. Ina mpaka wake: akaunti hizo za kupokelea ni za malipo ya makampuni, hivyo yule profesa mstaafu anayenilipa kutoka mfukoni mwake hawezi kuipita. Na ada yake kubwa ni ya asilimia, si ya mkupuo. Tuseme inanitoka asilimia 3. Kwa dola 400 ni dola 12, nafuu kabisa mbele ya 45. Lakini kwa dola 1,200 ni 36, wakati SWIFT ingenikata zile 35 zilezile. Kwa hiyo mtu angesema: kusanya ankara tatu, fungua akaunti ya dola, pokea kwa SWIFT mara moja kwa robo mwaka.

Nilijaribu. Akaunti ya dola ilisaidia kwa jambo moja, kwamba hakuna anayenigeuzia fedha nikiwa nimelala. Lakini siku ya kununua unga hufika, na nikiuza dola hizo kwa tofauti ileile ya shilingi 70, karibu asilimia 3 inaondoka, na faida yote ya kusubiri miezi mitatu imekwisha. Ninachokilinganisha hasa ni kiwango cha kubadilishia kuliko njia, na kiwango hicho ndicho nisichoweza kukijua kabla fedha hazijafika. (Kubadilisha SHA kuwa OUR, ili mteja abebe makato yote, niliomba mara moja. Alikubali, na mwezi uliofuata akaniomba nipunguze bei.)

Ombi langu ni dogo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha tayari zinataka ada zielezwe wazi. Naomba mwongozo unaosema kwamba fedha yoyote inayoingia kutoka nje iambatane na stakabadhi yenye mistari minne: kiasi alichotuma mteja, kilichokatwa njiani na nani, ada ya benki inayopokea, na kiwango kilichotumika kikiwa kando ya kile cha Benki Kuu cha siku hiyo. Mistari mitatu ya kwanza benki inayo tayari kwenye mfumo wake. Katika wa nne, kiwango cha kulinganishia unakichapisha wewe kwenye tovuti yako kila siku ya kazi.

Na fedha za akaunti ya shilingi zisigeuzwe kabla mpokeaji hajaonyeshwa kiwango na kupewa angalau siku moja ya kukubali au kuomba ziingie kwenye akaunti ya dola.

Nina ankara nyingine ya Hamburg inayolipwa mwisho wa mwezi huu, dola 620. Nimeandika kwenye daftari kiasi ninachotegemea kupokea.

Wako mtiifu,
Mfasiri, Mwanza