Moshi wa jirani unapita ukutani: nimpe nani kwanza barua hii?

Ndugu Mhariri,

Nimemwandikia barua mama mwenye nyumba wetu, na kabla sijamkabidhi naomba wewe na wasomaji wenzangu mnisaidie kuipima. Naishi ghorofa ya tatu na mwanangu ana pumu. Jirani tunayepakana naye ukuta ni mzee mstaarabu, anaishi peke yake, na huvuta sigara ndani kwake. Barua yenyewe ni hii.

“Mama, shikamoo. Nakuandikia tena kuhusu moshi wa sigara. Ulipokuja kuangalia ulisema ukuta ni wa tofali na moshi haupenyi tofali. Nami niliamini hivyo, nikawa nafunga madirisha nikidhani unatokea nje. Ajabu ni kwamba kila nikiyafunga, harufu huzidi.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikiandika siku, saa na chumba. Harufu huanza kati ya saa mbili na saa nne usiku, na huanzia jikoni. Usiku mmoja nilichana ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni nikaushika mbele ya kila tundu la ukuta ule. Mbele ya soketi ya sebuleni ulitikisika kidogo tu. Chini ya sinki, pale bomba la maji machafu linapoingia ukutani, ulipepea kuelekea kwangu. Kisha nikawasha feni ya jikoni, ile ya kutolea hewa, na ukanda ukanyooka kama kuna mtu anaupuliza kutoka upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa. Feni inatoa hewa nje, na madirisha yakiwa yamefungwa, hewa ya kujaza nafasi hiyo hutoka kwa jirani kupitia pengo la bomba. Siku zote hizo niliwasha feni ili kumkinga mwanangu, kumbe ndiyo iliyokuwa ikimletea moshi.

Naomba kwanza fundi aje azibe. Pengo la bomba linaingia kidole changu, kwa hiyo tafadhali asijaze povu la kawaida. Ukuta kati ya fleti na fleti ndio unaochelewesha moto usivuke, na povu hilo huungua. Atumie kizibio kinachostahimili moto. Nyufa nyembamba pembezoni mwa sakafu zinatosha silikoni. Soketi aishughulikie fundi umeme, baada ya kuzima swichi kuu. Na atazame tundu la hewa la bafuni: kama mabafu yetu yanatoa hewa kwenye njia moja, panahitajika kilango kinachofunguka kwenda nje tu, la sivyo feni ya jirani ikiwaka, hewa yake itakuja kwangu.

Sitaki kukudanganya kwamba kuziba kutamaliza tatizo. Kutapunguza. Niliazima mashine ya kusafisha hewa. Chujio lake lilinasa chembe za moshi, lakini harufu na gesi zikabaki. Ripoti ya mwaka 2006 ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilisema wazi kwamba kutenganisha wavutaji na wasiovuta, kusafisha hewa na kuingiza hewa safi haviwezi kuwakinga kikamilifu wasiovuta, na kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na madhara. Kinachowakinga ni kutovuta ndani. Kwa hiyo ombi langu la pili ni kwamba mikataba mipya iwe na kifungu cha kutovuta ndani ya jengo, na tuliomo tutengewe mahali pa kuvutia nje, mbali na milango na madirisha. Siombi mtu yeyote ahamishwe.”

Mwisho wa barua. Kinachonikwamisha si maneno yake. Sikumtaja jirani kwa jina, lakini ukuta ule una watu wawili tu, yeye na mimi, na mama atajua papo hapo. Ile orodha ya saa ndiyo ushahidi pekee nilio nao, na naambiwa mwenye nyumba huchukulia hatua kilichoandikwa kuliko malalamiko ya mdomoni. Nikiiambatanisha, itakuwa kama nimemchunguza mzee nyumbani kwake usiku baada ya usiku. Nisipoiambatanisha, naogopa nitajibiwa tena habari ya tofali.

Mke wangu anasema nimwonyeshe mzee barua kwanza, na hata nimwombe tuwashe feni huku ameshika karatasi upande wake, aone mwenyewe hewa inavyovutwa. Kaka yangu anasema nikifanya hivyo atakimbilia kwa mama kabla yangu, na nitaonekana mgomvi. Juzi nilifika mlangoni kwake na barua mkononi. Nikamsikia anakohoa, kikohozi kirefu, nikarudi bila kubisha.

Mama anakuja kukusanya kodi wiki ijayo. Waliowahi kupitia haya, mlianza na jirani au na mwenye nyumba? Na ile orodha, niiambatanishe?

Mpangaji wa ghorofa ya tatu