Mahindi yamepanda bei: mfumo wako unaiandika wapi tofauti?

Wateja wetu wenye viwanda vya kusaga hutuuliza swali moja kila msimu wa mahindi unapoisha. Ghala linaonyesha kilo moja ni shilingi 700, lakini sokoni wamenunua kwa zaidi ya hapo. Je, mfumo umekosea?

Haujakosea. Umewekwa kwenye gharama sanifu: bei mnayojipangia mapema, ambayo ghala huitumia mpaka mtakapoibadilisha. Njia ya pili ni gharama halisi, ambapo bei ya ghala hufuata manunuzi, mara nyingi kwa wastani unaosogea kila mzigo unapoingia. Kwenye SAP, kwa mfano, uchaguzi huu ni herufi moja tu katika taarifa za uhasibu za bidhaa: S kwa bei sanifu, V kwa wastani.

Tuchukue kiwanda cha sembe chenye kilo 5,000 ghalani kwa bei sanifu ya 700. Kinaagiza kilo 10,000 kwa 760. Mzigo ukipokelewa, ghala linadebitiwa 7,000,000 tu. Akaunti ya mizigo iliyopokelewa ikisubiri ankara inakreditiwa 7,600,000, na zile 600,000 zinadebitiwa akaunti ya tofauti ya bei ya ununuzi. Baadaye ankara inakuja kwa 780. Akaunti ya kusubiri inafungwa kwa debiti ya 7,600,000, msambazaji anakreditiwa 7,800,000, na 200,000 zaidi zinaingia kwenye tofauti. Jumla ni 800,000, na ghala halijaguswa. Mifumo mingine husubiri ankara ndipo iandike tofauti yote kwa mkupuo, kwa hiyo uliza wako unafanya lipi kabla ya kusoma ripoti ya katikati ya mwezi.

Kwa wastani, mzigo ule ule unaingia ghalani kwa 7,600,000. Ukijumlisha na 3,500,000 za awali unapata 11,100,000 kwa kilo 15,000, yaani 740 kwa kilo. Wengi hudhani hapo tofauti imekwisha. Lakini tuseme ankara ya 780 imechelewa, na kilo 12,000 zimeshasagwa. Zile 200,000 ni za kilo 10,000, na ghalani zimebaki 3,000. SAP itapeleka 60,000 kwenye ghala, bei ifike 760, na 140,000 itaziweka kwenye akaunti ya tofauti, kwa sababu mahindi yake hayapo tena. Kwa hiyo hata kwenye gharama halisi, ankara zinazochelewa huacha tofauti. Ndiyo maana tunasisitiza ankara ziingizwe mapema.

Turudi kwenye gharama sanifu, kwa sababu kazi yenyewe iko mwisho wa mwezi. Kanuni ya uhasibu IAS 2 inaruhusu gharama sanifu ikiwa matokeo yake yanakaribia gharama halisi. Kutupa 800,000 zote kwenye gharama ya mauzo si sahihi kama sehemu kubwa ya mahindi hayo haijauzwa. Tukihesabu kwamba yaliyotangulia kuingia ndiyo yalitangulia kusagwa, mzigo mpya umegawanyika hivi: kilo 3,000 bado ni mahindi, kilo 2,000 ziko kwenye sembe ambayo haijauzwa, na 5,000 zimeuzwa. Basi 240,000 zibaki na mahindi, 160,000 na sembe, na 400,000 ziende gharama ya mauzo.

Kabla ya kugawa, kagua tofauti yenyewe. Kosa tunalokuta mara kwa mara ni la kipimo: oda imeandikwa kwa gunia la kilo 100, kisha bei ya gunia ikaingizwa kama bei ya kilo. Tofauti ikiwa takriban mara mia ya thamani ya mzigo, usitafute sababu sokoni. Nauli nayo, kama imepachikwa kwenye bei ya mahindi ilhali bei sanifu haikuihesabu, itaonekana kama mahindi yamepanda.

Jambo la mwisho ni kubadilisha bei sanifu. Ukiipandisha kutoka 700 hadi 780, mfumo unathamini upya kilo 3,000 zilizobaki: ghala linadebitiwa 240,000 na akaunti ya marekebisho ya thamani inakreditiwa kiasi hicho. Ni pesa zile zile ulizokwisha kuzibakiza na mahindi mwisho wa mwezi. Usipotengua kwanza ingizo lile, mahindi yatasomeka 860 kwa kilo, bei ambayo hamkuwahi kulipa. Tengua, halafu badilisha bei, kisha gawa thamani ya ghala kwa kilo zilizopo uone kama inatoka 780. Sembe nayo ina 160,000 zake, na bei yake sanifu hukokotolewa upya baada ya ile ya mahindi.